KUTOKA STAKABADHI HADI MIZANIA: HISTORIA FUPI YA MCHORO MMOJA WA HESABU



Ndugu Mhariri alinitaka niandike habari ya ushirika wa kahawa katika Bukoba na Muleba. Habari hiyo ni ndefu, na wako wenzangu wanaoweza kuieleza vizuri zaidi yangu. Mimi nimechagua kipande kimoja tu ambacho nakifahamu kwa sababu nilikishika kwa mikono: jinsi mihadhara ya uwekaji hesabu ilivyogeuzwa kuwa mchoro wa karatasi moja, na jinsi mchoro huo ulivyomwokoa mtu mmoja asiitwe mwizi. Vijana wa mchepuo wa biashara watapata humo somo. Wengine watapata walau jibu la swali ambalo wazazi wetu wengi wamewahi kuuliza kwenye mkutano wa chama: ikiwa tumepata ziada, fedha ziko wapi?

Vitabu vilivyotufikia

Uandishi wa hesabu wa pande mbili haukuanzia kwetu. Wafanyabiashara wa Italia waliutumia kwa muda mrefu kabla mtawa mmoja aliyekuwa mwalimu wa hesabu, Luca Pacioli, hajauandika katika kitabu kilichopigwa chapa Venisi mwaka 1494. Pacioli alitaja vitabu vitatu. Cha kwanza ni cha kumbukumbu, ambamo kila jambo huandikwa siku lilipotokea. Cha pili ni jarida, ambamo jambo hilo hupangwa kwa utaratibu. Cha tatu ni leja, ambamo kila hesabu ina ukurasa wake wenye pande mbili. Kijana akitazama vizuri ataona kwamba tayari hiyo ni njia yenye vituo vitatu, na habari husafiri kutoka kimoja kwenda kingine.

Huku kwetu njia hiyo ilipita katika kahawa. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya vyama vya ushirika, na chama kilichoandikishwa kikapaswa kuwa na vitabu na kukubali kukaguliwa. Mwaka 1950 vyama vya wakulima wa Bukoba viliungana na kupata chama kikuu, Bukoba Native Co-operative Union, ambacho wazee walizoea kukiita BNCU. Tangu hapo, kila kijiji chenye chama cha msingi kilihitaji mtu wa kuandika: mkulima ameleta kilo ngapi, amelipwa nini, na gunia limekwenda wapi.

Watu wa kuandika hawakutosha. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963 ili kuwafundisha, lakini vyama viliongezeka haraka kuliko makatibu. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 iliona upungufu wa watumishi wenye ujuzi kuwa miongoni mwa magonjwa makubwa ya ushirika, pamoja na wizi na uongozi mbaya. Mwaka 1972 ilitungwa sheria iliyounda bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, ambayo wengi tunaijua kwa herufi NBAA. Kisha mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na vijiji na mamlaka ya zao vikachukua kazi yao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 chama kikuu cha Kagera na vyama vya msingi vilikuwa vinaanza upya.

Kuanza upya huko ndiko kulikoniingiza mimi katika habari hii. Makatibu wa zamani walikuwa wametawanyika. Kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayeweza kujumlisha bila kukosea alionekana mtaalamu. Nikawa karani msaidizi wa chama kimoja cha msingi upande wa Muleba.

Mihadhara ya jioni

Nilipelekwa Bukoba mjini kwa mafunzo ya jioni ya wiki sita. Mwalimu wetu alikuwa hodari, na hakuna jambo alilofundisha ambalo halikuwa sahihi. Wiki ya kwanza tulifundishwa debiti na krediti. Wiki ya pili daftari la fedha. Ya tatu leja. Ya nne urari, yaani orodha ya salio zote za leja, ambayo upande wake wa debiti lazima ulingane na upande wa krediti. Ya tano marekebisho ya mwisho wa mwaka. Ya sita hesabu ya mapato na matumizi, pamoja na mizania. Nilirudi Muleba na daftari lenye kurasa zaidi ya tisini, limeandikwa kwa wino wa rangi mbili.

Kasoro ilikuwa kwamba kila wiki ilisimama peke yake. Nilijua kufunga leja, na nilijua kupanga mizania, lakini kama ungeniuliza ni kwa njia gani gunia la kahawa aliloleta mjane fulani mwezi wa Juni limo ndani ya mizania, ningebabaika. Nilikuwa kama mtu aliyekariri majina ya vituo vyote vya basi kutoka Bukoba kwenda Muleba bila kujua kipi kinatangulia.

Mkutano

Mwisho wa msimu, mkutano mkuu wa wanachama ulifanyika uwanjani penye shule ya msingi. Katibu wetu, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma, alisoma hesabu ambazo mimi nilimsaidia kuziandaa. Nitatumia tarakimu nilizozifupisha, kwa sababu za kweli zilikuwa na senti na hazina faida kwa msomaji. Katibu akatangaza kwamba chama kimepata ziada ya shilingi 28,000. Kisha akasoma kwamba fedha zilizopo benki na mkononi ni shilingi 15,000.

Mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema kwa upole: "Waitu karani, na wewe katibu, mimi sikusoma. Lakini mmesema tumebaki na elfu ishirini na nane. Benki mna elfu kumi na tano. Hizo elfu kumi na tatu nani amezila?"

Katibu alinitazama. Mimi nikatazama daftari langu la kurasa tisini. Nilisema maneno kuhusu kanuni za uhasibu, na kila nilivyoendelea, uwanja ulizidi kuguna. Mkutano uliahirishwa kwa wiki mbili. Kamati ikamwambia katibu akabidhi funguo za kasha hadi hapo jibu litakapopatikana. Nilimwona akitembea kwenda nyumbani peke yake, na hakuna aliyefuatana naye.

Namna mchoro ulivyopatikana

Nilikwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa shule yetu aliyenitangulia kwa miaka mingi. Alifungua daftari langu kurasa kadhaa, akalifunga. Akaniuliza, "Kijana, haya yote yangekaa kwenye karatasi moja, yangekaaje?" Kisha akanipa karatasi ya manila na penseli, akaniachia meza yake kwa siku mbili. Alinipa kanuni tatu tu, nami nawapeni kama alivyozisema.

Ya kwanza: katika kila mhadhara, tafuta kitu kinachoshikika, yaani karatasi au kitabu, ukichore kama kisanduku. Ya pili: tafuta kitenzi kinachotoa habari katika kitu kimoja kuipeleka katika kingine, ukichore kama mshale. Ya tatu: sheria zote, maelezo yote na mifano yote viandikwe kando ya mshale unaohusika, wala visichorwe visanduku vyake. Aliniambia kwamba mhadhara huonekana mrefu kwa sababu sheria hujaa mahali pote, lakini vitu vyenyewe ni vichache.

Nilianza. Kurasa tisini zilitoa visanduku saba tu. Mstari mkuu ulikuwa hivi:

HATI → DAFTARI LA MWANZO → LEJA → URARI → MAREKEBISHO → HESABU ZA MWISHO

Hati ni stakabadhi ya mkulima, vocha ya malipo, hati ya mapokezi ya ghala kuu, na karatasi ya benki. Mshale wa kwanza ni "huandikwa": kila hati huandikwa katika daftari la mwanzo kwa kufuata tarehe. Mshale wa pili ni "huhamishwa": kila tukio huhamishiwa leja mara mbili, debiti katika ukurasa mmoja na krediti katika ukurasa mwingine, kwa kiasi kilekile. Mshale wa tatu ni "husawazishwa": kila ukurasa wa leja hupatiwa salio lake, na salio zote huorodheshwa katika urari. Mshale wa nne ni "hurekebishwa": hapo huingizwa mambo ambayo hayakuletwa na hati ya msimu, kama uchakavu wa mizani, mshahara ambao haujalipwa, na kahawa iliyobaki ghalani.

Mpaka hapo mchoro ni mstari mmoja ulionyooka. Baada ya marekebisho, njia inagawanyika. Hapa nilisimama kwa nusu siku, kwa maana katika mihadhara mgawanyiko huu ulitajwa kwa sentensi moja. Kila salio lililo katika urari lazima lipite katika mlango mmoja kati ya miwili. Mlango wa kushoto unakwenda kwenye hesabu ya mapato na matumizi, na wanaopita humo ni mapato na gharama za msimu huu tu. Mlango wa kulia unakwenda kwenye mizania, na wanaopita humo ni mali, madeni, na mtaji wa wanachama pamoja na akiba, yaani vitu vinavyoendelea kuwapo hata baada ya msimu kwisha. Hakuna salio la urari linaloruhusiwa kupita milango yote miwili, na hakuna linaloruhusiwa kubaki nje.

Marekebisho ndiyo peke yake yanayogonga milango yote miwili kwa mpigo. Uchakavu wa mizani ni gharama kwa mlango wa kushoto, na papo hapo hupunguza thamani ya mizani kwa mlango wa kulia. Mshahara ambao haujalipwa ni gharama kushoto na deni kulia. Kahawa iliyobaki ghalani hupunguza gharama ya ununuzi kushoto, na huwa mali kulia.

Mwisho nilichora mishale miwili ya rangi nyekundu. Mmoja unatoka chini ya hesabu ya mapato na matumizi, umebeba ziada, unakwenda kuingia katika mizania upande wa wanachama. Wa pili unatoka kwenye mizania, unazunguka karatasi nzima, unarudi kwenye leja ya msimu unaofuata. Mizania ya leo ndiyo ukurasa wa kwanza wa leja ya kesho. Pacioli alijua kufunga leja na kuhakikisha kwamba pande zake zinalingana kabla ya kufungua mpya. Mizania iliyopangwa kama taarifa ya kusomewa wanachama ni jambo lililokuja baadaye.

Msimu wetu ndani ya mchoro

Mchoro usiotiwa tarakimu ni pambo la ukutani, kwa hiyo nikaupitishia msimu mzima. Tulianza msimu tukiwa na fedha shilingi 20,000, na ghala na mizani vya thamani ya 60,000. Hivyo vilitokana na hisa za wanachama 50,000 na akiba 30,000. Pande mbili ni 80,000.

Tukio la kwanza: chama kikuu kilituletea shilingi 500,000 za kununulia kahawa. Fedha zikaongezeka, na wakati huohuo tukawa na deni la 500,000 kwa chama kikuu. La pili: tukawalipa wakulima 480,000 kwa kahawa ya maganda waliyoleta. La tatu: tukakabidhi kahawa ghala kuu, ikathaminiwa 530,000. Hayo ndiyo mauzo yetu. Hatukupewa fedha mkononi. Thamani hiyo ilifuta deni letu la 500,000, na chama kikuu kikabaki kinatudai sifuri na sisi tunakidai 30,000. La nne: tukalipa mshahara wa karani 15,000, na usafiri pamoja na magunia 10,000.

Urari wetu ukasomeka hivi. Upande wa debiti: fedha 15,000, ghala na mizani 60,000, chama kikuu 30,000, ununuzi wa kahawa 480,000, mshahara 15,000, usafiri na magunia 10,000. Jumla 610,000. Upande wa krediti: hisa 50,000, akiba 30,000, mauzo 530,000. Jumla 610,000.

Kisha marekebisho matatu. Ghala na mizani vilichakaa kwa 6,000. Mlinzi alikuwa hajalipwa 3,000. Na ghalani ilibaki kahawa tuliyoinunua kwa 12,000 ambayo ilikuwa haijasafirishwa.

Mlango wa kushoto: mauzo 530,000, kutoa gharama ya kahawa iliyouzwa, ambayo ni 480,000 kutoa 12,000, yaani 468,000. Inabaki 62,000. Toa mishahara 18,000 pamoja na ya mlinzi, usafiri na magunia 10,000, na uchakavu 6,000, jumla 34,000. Ziada ni 28,000.

Mlango wa kulia: ghala na mizani 54,000, kahawa ghalani 12,000, chama kikuu 30,000, fedha 15,000. Jumla ya mali 111,000. Kinyume chake: deni la mlinzi 3,000, hisa 50,000, akiba 30,000, na ziada iliyoletwa na mshale mwekundu 28,000. Jumla 111,000.

Hapo ndipo nilipoliona jibu la yule mzee, na nikaona pia kwamba swali lake lilikuwa limefungamanisha vitu viwili visivyopaswa kufungamanishwa. Ziada hupita mlango wa kushoto. Fedha hupita mlango wa kulia. Havikukutana njiani hata mara moja. Kilichotakiwa kuulizwa ni hiki: tulianza na fedha 20,000, tukamaliza na 15,000, zimepungua 5,000. Inakuwaje zipungue 5,000 katika msimu uliotoa ziada ya 28,000? Tofauti ni 33,000, na mchoro unaonyesha kila shilingi yake. Chama kikuu kimeshika 30,000 zetu. Kahawa ghalani imeshika 12,000. Hizo ni 42,000. Lakini uchakavu wa 6,000 ulipunguza ziada bila kutoa fedha yoyote kashani, na mlinzi naye alipunguza ziada kwa 3,000 ambazo bado hazijatoka. Ondoa 9,000 hizo, unapata 33,000 kamili. Hakuna aliyekula.

Mkutano wa pili

Tulibandika manila ile ukutani kwa unga wa muhogo. Sikuanza na debiti wala krediti. Niliomba stakabadhi ya mwanachama yeyote, mama mmoja akatoa yake kutoka katika kitenge, nikaiweka juu ya kisanduku cha kwanza. Kisha nikaisukuma kwa kidole kisanduku kwa kisanduku: hapa imeandikwa, hapa imehamishwa, hapa imejumlishwa na za wenzako. Nilipofika kwenye milango miwili nikamwita yule mzee aje ashike fimbo, nikawa namtajia salio moja moja, naye akielekeza mlango. Alikosea moja tu, uchakavu, nami nilimkosoa kwa heshima.

Tulipomaliza, hakupiga makofi. Aliuliza swali la pili, na naliona kuwa bora kuliko la kwanza: "Hizo elfu thelathini mnazosema ziko chama kikuu, nani ameziona?" Mchoro haukuwa na jibu. Unaonyesha njia, lakini hauthibitishi kwamba kilichomo njiani ni kweli. Ilibidi twende Bukoba kuleta taarifa ya hesabu yetu kutoka vitabu vya chama kikuu wenyewe, na ilipolingana na leja yetu ndipo mkutano ulipopitisha hesabu. Tangu siku hiyo nilichora, kando ya kila salio la mizania, alama ndogo ya jicho, na chini yake jina la karatasi inayotoka nje ya chama: kwa fedha, taarifa ya benki, kwa kahawa ghalani, karatasi ya kupima iliyotiwa sahihi na wajumbe wawili, kwa mdaiwa, barua yake mwenyewe.

Katibu alirudishiwa funguo. Lakini baada ya misimu miwili aliacha kazi, akahamia kwa mwanawe. Aliniambia kwamba hesabu zilimsafisha, ila neno "nani amezila" lilisemwa mbele ya watoto wake, na halikuwa na mahali pa kufutiwa katika leja.

Jambo ambalo urari hausemi

Nimalizie kwa kosa langu mwenyewe, maana vijana watalikuta. Katika jaribio langu la kwanza juu ya manila ile, nilizipeleka zile 500,000 za kununulia kahawa upande wa mapato, pamoja na mauzo. Zilikuwa fedha zilizoingia, nami nilidhani kila kinachoingia ni pato. Urari ulilingana bila matatizo: debiti 1,110,000 na krediti 1,110,000. Ziada ikawa 528,000. Mizania nayo ikalingana, kwa sababu kosa lilikaa pande zote mbili.

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba urari ukilingana hesabu ni sahihi. Kulingana kwake kunathibitisha jambo dogo zaidi: kwamba kila debiti iliandikwa pamoja na krediti yake ya kiasi kilekile. Tukio lililosahauliwa kabisa halitaonekana. Tukio lililopelekwa kwenye ukurasa usio wake halitaonekana. Makosa mawili yanayofidiana hayataonekana. Kosa langu lilikuwa la aina ya pili, na nililigundua nilipofika kwenye milango miwili nikajiuliza: je, fedha hizi ni zetu, au tutazirudisha? Zinazorudishwa ni deni, na deni hupita kulia. Dalili nyingine ilikuwa kwenye mizania yenyewe, ambamo chama kikuu kilionekana kinadaiwa na sisi 530,000, wakati sisi ndio tuliotumia fedha zake. Kama hesabu hizo zingepita, wanachama wangedai wagawiwe ziada isiyokuwapo, na chama kingekufa kabla ya msimu wa pili.

Leo mambo yamebadilika kwa kiasi. Tangu mwaka 2004 Tanzania inafuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, na kati ya taarifa zinazotakiwa iko ya mtiririko wa fedha, ambayo kazi yake ni lile jibu la 33,000 nililolitafuta kwa siku mbili. Ikiwa unachora manila yako leo, ongeza kisanduku cha nane chini ya ile milango miwili, kinachopokea mshale kutoka kila upande. Kompyuta nazo huhamisha, husawazisha na kuorodhesha kwa kufumba na kufumbua, yaani hufanya mshale wa pili na wa tatu. Mshale wa kwanza, wa kuamua hati hii ni ya ukurasa gani, na kwa hiyo itapita mlango upi, bado uko mikononi mwa mtu anayekaa mezani. Akikosea hapo, mashine itabeba kosa lake mpaka kwenye mizania, nadhifu na limelingana.

Manila yangu ilichakaa, panya wakala pembe moja. Nimeichora upya kwa ajili ya darasa la biashara la shule yetu, na nimeikabidhi kwa mwalimu wa somo hilo. Nawaombeni ninyi vijana msiinakili. Chukueni madaftari yenu, tafuteni visanduku na mishale wenyewe, kisha wekeni juu yake stakabadhi moja ya kweli kutoka nyumbani, muifuate mpaka mwisho. Pale mtakapokwama, hapo ndipo penye mhadhara ambao bado hamjauelewa.